Umejifunga kiasi gani? Vitenzi vya ahadi katika barua pepe za Kifaransa

Hotuba iliyotolewa Kisumu mbele ya wafanyabiashara na mawakala wa forodha wanaopeleka bidhaa Burundi

Mabibi na mabwana, nanyi ndugu zangu wa Isebania mliotoka nyumbani alfajiri, karibuni na asanteni kwa kuja.

Sisi tunaofanya biashara na Bujumbura tuna bahati moja. Ukimpigia mteja simu, mnazungumza Kiswahili, mnaelewana bei, mnajuliana hali za watoto. Taabu huanza anaposema, "Haya, sasa niandikie." Hapo anataka maandishi ya Kifaransa, kwa sababu barua yako haitabaki kwake peke yake. Itapita kwa mhasibu wake, huenda ikafika benki anakoomba mkopo wa kulipia mzigo, na mambo yakiharibika itasomwa na wakili. Watu hao hawakuwasikia mkizungumza. Walicho nacho ni maneno uliyoandika, na wakitaka kujua umeahidi nini watatazama vitenzi.

Kifaransa kina namna tatu za kawaida za kusema jambo ambalo bado halijatokea. Ya kwanza ni "Je vais vous envoyer la facture". Hiyo ni "futur proche", yaani kitenzi "aller" katika wakati uliopo, kikifuatwa na kitenzi cha tendo lenyewe. Ya pili ni "Je vous enverrai la facture", ambayo ni "futur simple". Ya tatu ni "Je vous enverrais la facture", nayo ni "conditionnel". Kila moja inamwambia msomaji umejifunga kiasi gani, na leo nataka tupime jambo hilo kwa barua moja tu.

Barua yenyewe nimeitunga, lakini kila kosa lililomo nimeliona mara nyingi katika kazi yangu ya kusahihisha barua za wasafirishaji. Mfanyabiashara wa hapa Kisumu anauza nyavu za kuvulia, marobota 120, kwa mteja wa Bujumbura ambaye naye anawauzia wavuvi wa Ziwa Tanganyika. Lori litavuka Isebania, lipite Mwanza na Nyakanazi, kisha livuke mpaka wa Kabanga na Kobero. Muuzaji ameandika hivi:

"Monsieur, nous allons livrer les 120 ballots de filets le 14 mars. Si vous paieriez l'acompte cette semaine, nous expédierions lundi. Je vous enverrais la facture proforma aujourd'hui. Quand le camion passe la frontière, je vous appelle. Nous pourrions garantir la qualité."

Mteja ataambulia maana ya jumla. Lakini mpe mhasibu wake barua hiyo, umwombe apige mstari chini ya kila jambo ambalo muuzaji ameahidi waziwazi. Atapata shida kupiga hata mmoja.

Naanza na sentensi ya tatu, kwa sababu kosa lake ni la herufi moja tu. "Je vous enverrais la facture proforma aujourd'hui." Mwandishi alikusudia kusema atatuma ankara ya proforma leo. Alichoandika ni kwamba angetuma. Msomaji wa Kifaransa anabaki akingoja sehemu iliyobaki: angetuma, lau nini? Lau printa ingekuwa nzima? Lau bosi angekubali? Herufi "s" ile ya mwisho imeigeuza ahadi kuwa dhana.

Kosa hili haliwapati Wakenya peke yao. Kwa kanuni ya matamshi, "enverrai" na "enverrais" zinatofautiana kidogo mwishoni, lakini Wafaransa wengi hawazitofautishi wanapoongea, na kwa hiyo hata wao hukosea wanapoandika. Sikio haliwezi kukusaidia hapa. Kuna jaribio ambalo walimu wa Kifaransa hulitumia tangu zamani, nami nawaomba mlizoee: badilisha nafsi. Ondoa "je", weka "nous", usikilize. Ungesema "nous vous enverrons" au "nous vous enverrions"? Tofauti sasa inasikika, kwa sababu ya pili ina sauti ya "i" katikati. Kama ulitaka "enverrons", basi kwa "je" andika "enverrai", bila "s". Sisi tuna na njia nyingine ya mkato: jiulize kama kwa Kiswahili ungesema "nitatuma" au "ningetuma". Wa "nitatuma" hana "s".

Shina la kitenzi halitakuonyesha kosa, kwa kuwa "futur simple" na "conditionnel" zinatumia shina lile lile. "Envoyer" inatoa "enverr-", "faire" inatoa "fer-", "pouvoir" inatoa "pourr-", "devoir" inatoa "devr-", "recevoir" inatoa "recevr-". Ukishajifunza shina moja umepata nyakati mbili kwa pamoja, na mwisho ndio unaozitenga. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, pitia barua ukitafuta kila kitenzi cha "je" kinachoishia na "-rai" au "-rais", ukifanyie jaribio. Hata barua ndefu haitakuchukua muda.

Sasa turudi kwenye sentensi ya kwanza: "Nous allons livrer les 120 ballots de filets le 14 mars." Hapa sarufi haina kasoro. Swali langu ni kama mwandishi amechagua kitenzi kinachofaa kwa tarehe ya kufikisha mzigo wa mtu.

"Futur proche" hukitazama kitendo kutokea leo tulipo. Uamuzi umeshafanywa, mambo yameshaanza kusogea, niko mbioni. Ukimwandikia mteja "je vais vous envoyer la facture", anaelewa kwamba kompyuta iko mbele yako. Kwa Kiswahili mara nyingi tungesema "nakutumia sasa hivi". Ndiyo maana inafaa sana kwa kazi ya leo, ya saa hii, na kwa mpango unaomweleza mwenzako. Katika mazungumzo Wafaransa huitumia hata kwa mambo ya mwaka ujao, kwa hiyo msidhani kwamba ukiitumia kwa tarehe ya mbali mtu atakucheka. Lakini katika maandishi ya kibiashara, hasa uthibitisho wa oda na mikataba, kazi ya kutaja wajibu hufanywa na "futur simple": "Le vendeur livrera la marchandise le 14 mars." Mhasibu na wakili wameuzoea mtindo huo. Wakiona "livrera" na tarehe kando yake, wanajua hapo ndipo muuzaji anaposhikwa.

Ila kuna jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita haraka. "Futur simple" bila tarehe ni dhaifu, tena mara nyingine ni dhaifu kuliko "futur proche". Mwandikie mtu "nous vous enverrons le devis" na uishie hapo. Utatuma makadirio ya bei, sawa, lakini lini? Huenda kesho, huenda mwezi ujao. Kinyume chake, "nous allons vous envoyer le devis" inaashiria kwamba mmeshaanza kuyaandaa. Mteja mwenye haraka atatulizwa zaidi na hii ya pili. Sasa ongeza wakati: "nous vous enverrons le devis vendredi avant midi". Mizani yote imebadilika. Sentensi imekuwa na uzito wa sahihi, na ikifika Ijumaa saa sita mchana mteja ana haki ya kukuuliza. Kwa maoni yangu, ukiandika "futur simple" juu ya jambo ambalo mteja analitegemea, usiweke nukta kabla hujaandika siku.

Na siku yenyewe iandikwe kwa neno sahihi. "Dans deux jours" maana yake siku mbili zikishapita. "Sous deux jours" au "d'ici jeudi" maana yake ndani ya muda huo, usivuke. Anayeahidi kutuma hati "dans 48 heures" akizituma kesho amewahi, na aliyesema "sous 48 heures" akizituma siku ya tatu amechelewa. "Dans les meilleurs délais", ambayo naiona kila mahali, ni maneno ya heshima yasiyo na saa ndani yake. Yatumieni kwa mambo madogo pekee.

Sentensi ya pili ndiyo inayofichua kwamba mwandishi ni mmoja wetu: "Si vous paieriez l'acompte cette semaine, nous expédierions lundi." Kiswahili hupanga dhana kwa kuweka -nge- pande zote mbili: mngelipa wiki hii, tungesafirisha Jumatatu. Ulimi uliozoea ulinganifu huo huweka "conditionnel" pande zote mbili za Kifaransa pia. Kifaransa kinakataa. Baada ya "si" ya sharti hakuna "conditionnel" wala "futur". Watoto wa shule za Ufaransa hukaririshwa "les si n'aiment pas les -rais", na kwa kuwa ukiisema inasikika kama habari ya misumeno na samaki aina ya taa, hawaisahau.

Yanayoruhusiwa kwa biashara zetu ni mapangilio mawili. La kwanza ni "si" na wakati uliopo, halafu "futur simple": "Si vous payez l'acompte cette semaine, nous expédierons lundi." Hii ni ahadi yenye sharti. Mkilipa, tutasafirisha, na tumejifunga. La pili ni "si" na "imparfait", halafu "conditionnel": "Si vous payiez l'acompte cette semaine, nous expédierions lundi." Hii ni dhana. Sioni dalili kubwa kwamba mtalipa, au tunajadiliana tu. Tazameni jinsi mteja atakavyoipokea. Ya kwanza inamtendea kama mtu anayelipa. Ya pili inaweza kumfanya ahisi kwamba unamtilia shaka, na wakati huo huo inakuacha wewe huru, kwa sababu hata akilipa, ulichosema ni kwamba ungesafirisha.

Msiitupe hiyo ya pili. Mahali pake ni kwenye majadiliano ya bei. Mteja ameagiza marobota 120, nawe ungependa achukue 200. Mwandikie: "Si vous preniez 200 ballots, nous pourrions revoir le prix unitaire." Hajaagiza 200, hujapunguza bei, mnaonyeshana mlango tu. Hebu fikirini mwandishi angeandika "si vous prenez 200 ballots, nous baisserons le prix". Mteja akijibu kesho yake kwamba anachukua 200, punguzo analidai, na anadai kwa haki.

Sentensi ya nne nitaipita kwa haraka kidogo. "Quand le camion passe la frontière, je vous appelle." Mtu akizungumza na rafiki yake, inaeleweka. Katika barua, "quand", "lorsque" na "dès que" zinapohusu jambo litakalotokea, Kifaransa hutaka wakati ujao pande zote mbili, kinyume kabisa na "si". Na kwa kuwa lori litakuwa limekwisha kuvuka ndipo upige simu, upande wa kwanza unachukua "futur antérieur": "Dès que le camion aura passé la frontière, je vous appellerai." Inafaa pia kwa malipo: "Dès que nous aurons reçu l'acompte, nous chargerons le camion." Chagueni kati ya "si" na "dès que" kwa makini. "Dès que" inachukulia kwamba fedha zitakuja, ni suala la lini. "Si" inaacha wazi kama zitakuja au la.

Nafika kwenye sentensi ya mwisho, na hapa nitakaa, maana inatokana na adabu yetu. "Nous pourrions garantir la qualité." Nilipowauliza watu kwa nini wanaandika hivyo, wengi walinijibu kwamba "conditionnel" ni lugha ya heshima. Walifundishwa "je voudrais", "pourriez-vous", "je souhaiterais recevoir", na wakahitimisha kwamba kadiri unavyoweka "-rais" na "-rions" ndivyo unavyokuwa mpole.

Walichofundishwa ni kweli kwa upande mmoja. "Conditionnel" hulainisha ombi. "Pourriez-vous nous envoyer une copie du bordereau?" ni bora kuliko "envoyez-nous une copie". Lakini unapomwomba mtu, kulainisha ni kumpa nafasi ya kukataa, na hiyo ni heshima. Unapoahidi, kulainisha ni kujipa wewe nafasi ya kukataa. "Nous pourrions garantir" inasomeka kama mtu anayesema tungeweza kutoa dhamana, na bado tunafikiria. Mteja wa nyavu anataka kujua kama nyuzi zitachanika msimu wa kwanza. Mwandikie "nous garantissons", wakati uliopo, kama dhamana ipo. Kama haipo, usiitaje kabisa.

Dada mmoja wa uwakala wa forodha aliniuliza kabla hatujaanza: je, tarehe ya kufika nayo niiandikeje, na mimi similiki mpaka? Swali zuri, kwa sababu tarehe ya lori kuondoka iko mikononi mwako, na tarehe ya kufika haiko. Kwa kuondoka andika "quittera". Kwa kufika Kifaransa kina "devoir" katika "conditionnel": "Le camion devrait arriver le samedi 14 mars." Hiyo inamaanisha ndivyo tunavyotarajia, kwa hesabu zetu za kawaida. Ongeza na sababu ya kutokuwa na hakika, ili isionekane unajikwepesha: "sous réserve des formalités à Kobero". Ila angalieni herufi tena. "Nous devrions livrer samedi" ni tunatarajia kufikisha. "Nous devrons livrer samedi" ni tutalazimika kufikisha. Herufi "i" moja imewatenganisha wenye matumaini na wenye wajibu.

Basi barua yetu sasa inasomeka hivi:

"Monsieur, nous avons bien reçu votre commande de 120 ballots de filets. Je vais vous envoyer la facture proforma dans l'heure. Si nous recevons l'acompte de 30 % au plus tard le jeudi 5 mars, le camion quittera Kisumu le lundi 9. Il devrait arriver à Bujumbura le samedi 14, sous réserve des formalités à Kobero. Dès qu'il aura passé la frontière, je vous préviendrai par courriel. Si vous preniez 200 ballots, nous pourrions revoir le prix unitaire. Cordialement."

Mpeni mhasibu yule yule. Sasa atapiga mstari chini ya "quittera" na "préviendrai", ataona sharti la malipo limekaa wapi, ataweka "devrait arriver" kwenye kalenda yake kwa kalamu ya risasi, na ile habari ya 200 ataipeleka kwa bosi wake kama jambo la kujadili. Hakuna atakachodhani kimeahidiwa ambacho hakikuahidiwa.

Limebaki jambo moja, nalo ni siku lori linapokwama. Dereva hapokei simu, na mwenzake amekutumia ujumbe kwamba amesikia magari yamezuiwa Kobero. Hujathibitisha. Ukiandika "le camion est bloqué à Kobero", umetoa taarifa kama ukweli wako mwenyewe, na mteja anaweza kuanza kukodi lori jingine kwa sababu ya uvumi. Hapa "conditionnel" ina kazi nyingine kabisa, ile ile ambayo wanahabari wa Kifaransa huitumia kila siku kwa habari ambazo hazijathibitishwa: "Le camion serait bloqué à Kobero." Yaani inasemekana limekwama. Mtaje na aliyekuambia, "d'après un autre chauffeur", ili mteja apime mwenyewe.

Na baada ya hapo mteja anataka kujua unafanya nini. Andika: "D'après un autre chauffeur, le camion serait bloqué à Kobero. Je vais appeler le déclarant tout de suite et je vous confirmerai la nouvelle date d'arrivée avant 16 heures, heure de Bujumbura." Zote tatu ziko hapo: uvumi umebaki uvumi, simu kwa wakala wa forodha inapigwa sasa hivi, na jibu limefungwa kwa saa. Epukeni tu "nous aurions dû vous prévenir plus tôt" kama bado hamjui kosa ni la nani, kwa sababu sentensi hiyo inakiri kwamba mlipaswa kutoa taarifa mapema nanyi hamkutoa.

Sababu ya kuandika "heure de Bujumbura" ni kwamba saa za Burundi ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Saa kumi jioni ya mteja wako ni saa kumi na moja hapa Kisumu. Ikifika hiyo na wakala bado hajakujibu, mwandikie mteja hata hivyo, umweleze ulipofikia, na umpe saa nyingine ukitumia "futur simple".